Shairi la Kuombea Mahari: Beti Sita, Jinsi Zilivyotungwa na Jinsi ya Kuzisoma

Shairi la kuombea mahari lina kazi moja tu: kulifikisha ombi la upande wa mume kwa wazee wa binti, bila kuwabana na bila kuwachosha. Mashairi mengi yanayosomwa kwenye vikao hivi ni mazuri kwa mizani na vina, lakini yanaharibu kwa kutaja mahari mapema mno, kwa kutaja kiasi, au kwa kumtania asiyefaa kutaniwa. Hapa tunaweka shairi zima la beti sita ambalo familia inaweza kulichukua na kulibadilisha, kisha tunaeleza kwa nini kila kitu kimekaa pale kilipo. Tumelijenga kwa familia inayotoka Wete kwenda kuoa Chake Chake, na bwana harusi ni mwalimu wa hesabu.

*Salamu twatanguliza, wazee mlo nyumbani,*
*Hodi tumeshaipaza, tu wageni mlangoni,*
*Mola tunamtukuza, aliyetupa imani,*
*Mkishatupa idhini, tutaeleza habari.*

*Wete tulikotokea, ni kwenye mikarafuu,*
*Harufu ilienea, njiani chini na juu,*
*Hapa tulipotulia, imezidi, tena kuu,*
*Hiyo si ya karafuu, asumini ya fahari.*

*Ua lenu la uani, wenyewe mmelitunza,*
*Hatupiti dirishani, mlango ndio wa kwanza,*
*Mikono yetu pembeni, adabu tumejifunza,*
*Neno tunalolianza, ni la ndoa yenye heri.*

*Kijana tunomleta, ni mwalimu wa hesabu,*
*Kuzidisha hajasita, kugawa hana taabu,*
*Moja limemkamata, hajalipatia jibu,*
*Mnalo ninyi jawabu, kusikia tu tayari.*

*Mbele yenu twaahidi, kumtunza kwa heshima,*
*Si mwingi wa ukaidi, kijana yuna huruma,*
*Akikosa hana budi, wazee tutamsema,*
*Mwanenu kwetu ni mama, si mgeni wa safari.*

*Dini imempa chake, haki iliyo bayana,*
*Aulizwe peke yake, yeye ndiye wa kunena,*
*Akitaja neno lake, tutarudi kuonana,*
*Wazee, kwa uungwana, mtutajie mahari.*

Kila mshororo una mizani 16, nane kila kipande. Mishororo mitatu ya mwanzo ya kila ubeti ina vina vyake vya kati na vya mwisho. Mshororo wa nne unachukua kina cha mwisho cha mishororo hiyo mitatu na kukiweka katikati, kisha unamalizikia kwenye "ri". Siri ya shairi hili ni hiyo "ri". Habari, fahari, heri, tayari, safari: sikio la msikilizaji linazoea, na wazee wanaojua ushairi huanza kukisia mapema neno litakalofunga ubeti wa sita. Mahari inatajwa mara moja tu, nayo ndiyo neno la mwisho la shairi zima.

Ndiyo maana hatukutumia kibwagizo. Shairi lenye kituo kinachorudiwa kila ubeti, "mtutajie mahari" mara sita, lingesikika kama watu wanaodai deni. Kituo kinachobadilika kila ubeti kinaruhusu kuanza kwa salamu, kupita kwenye fumbo, kumtaja kijana, kutoa ahadi, na ombi likaja wakati limeshaandaliwa njia.

Kiasi kisitajwe, hata kwa utani. Mahari ni haki ya mwanamke mwenyewe; aya ya 4 ya Sura An-Nisaa inaagiza wanawake wapewe mahari yao, na ubeti wa sita umejengwa juu ya msingi huo: aulizwe, anene. Upande wa mume ukitaja namba ndani ya shairi, umemnyima nafasi hiyo, na wazee wake watajikuta wanalazimika kukubali au kukataa mbele ya watu. Maneno ya sokoni nayo yaachwe yote, hata kwa kukanusha. Anayesema "hatukuja kununua" ameshaliweka neno kununua masikioni mwa mama wa binti, na halitoki tena. Kilemba cha baba na mkaja wa mama, kama pande mbili zinavitumia, havina nafasi kwenye shairi. Vizungumzwe na mshenga pembeni, kwa sababu si mahari na haipendezi kuvichanganya nayo.

Angalieni pia maneno "tutarudi kuonana". Watungaji wengi huandika hapo kwamba hawatabishana, kwa kuwa kina kinaangukia vizuri. Msiahidi hivyo. Mahari ikitajwa huenda mkahitaji kuomba sehemu itolewe taslimu na sehemu ibaki deni kwa mume, na mazungumzo hayo ni ya halali na ya kawaida. Mkishaahidi kwa ushairi kutobishana, ombi hilo litaonekana ni kuvunja neno.

Utani una mipaka yake. Katika beti hizi anayetaniwa ni bwana harusi peke yake, na anataniwa kwa kazi yake: mwalimu anayeyaweza mahesabu yote ila moja. Wageni wana ruhusa ya kumcheka mtoto wao. Hawana ruhusa ya kumcheka binti, mama yake, nyumba, wala ukali wa baba, hata kama wanajuana tangu utoto. Umbo la binti lisisifiwe. Ua na harufu vinatosha. Asumini inafaa kwa sababu kila mtu anaielewa na haigusi mwili wa mtu. Tukiulizwa, tungependelea fumbo hilo lisipite ubeti wa tatu, kwani likirefushwa wanaume wazima wanaanza kuinamisha macho.

Kuhusu lini lisomwe, mshenga ndiye wa kuulizwa. Katika familia nyingi za Unguja na Pemba posa hupelekwa kwanza, upande wa binti ukaomba muda wa kuulizana, na mahari hutajwa baada ya jibu. Kusoma shairi hili siku ya posa ya kwanza, kabla ya jibu, ni kuruka hatua; wenyeji watajibu kwa upole lakini mtakuwa mmewakwaza. Kama posa imeshakubaliwa, kituo cha ubeti wa tatu hakifai tena kama kilivyo, kwa sababu neno lilishaanzwa. Kibadilisheni hivi: *Jambo tulilolianza, likamilike kwa heri.* Mizani na vina vinabaki vilevile.

Kubadilisha mahali ndiko kunakovunja mashairi mengi, kwa sababu mtu hubandika jina bila kuhesabu. Wete ina mizani mbili, kwa hiyo Konde, Tumbe, Chake au Nungwi huingia palepale. Bububu ina tatu, basi sema *Bububu tulitokea*. Jambiani, Micheweni na Mkoani zina nne nne, na hapo inakuwa *Jambiani twatokea*. Kumbukeni "m" ya mwanzo wa Mkoani inahesabiwa peke yake: m-ko-a-ni. Hali ni hiyohiyo kwa mlango, mgeni, na "m" iliyo ndani ya tunamtukuza na kumtunza. Wengi huisahau, wakajikuta na kipande cha mizani tisa ambacho msomaji anakimeza kwa haraka.

Anayetoka Jambiani asijisifie mikarafuu, wenyeji watacheka kwa sababu isiyokusudiwa. Aseme ya kwao: bahari na mwani. Hapa pana mtego mmoja. *Jambiani twatokea, kwenye mwani na bahari* ina mizani kamili na inasikika vizuri, lakini imeileta "ri" kwenye mshororo wa kwanza, na ule mvuto wa kuisubiri mwisho wa ubeti umekufa. Geuzeni: *kwenye bahari na mwani*. Sasa kina ni "ni", na mishororo miwili inayofuata iifuate hiyo, pamoja na kipande cha kwanza cha kituo. Maneno kama bustani, binti na Rahmani tumeyakwepa kwa makusudi, maana watu hawakubaliani yana mizani ngapi, na kwenye baraza yenye wazee wa ushairi mtu mmoja akianza kuhesabu kwa vidole, wengine hawasikilizi tena.

Kazi ya kijana ikiwa nyingine, ubeti wa nne utungwe upya wote. Kubadilisha neno "mwalimu" kwa "mvuvi" na kuacha kuzidisha na kugawa kunabakisha mvuvi anayefundisha hesabu. Shikeni mfumo wake tu: mambo mawili anayoyaweza, moja lililomshinda, na jawabu liko kwa wenyeji.

Sasa kusoma. Anayesoma awe mtu mzima wa upande wa mume mwenye sauti tulivu, baba mdogo au mjomba. Nakala iandikwe kwenye karatasi kwa herufi kubwa, beti tatu kila ukurasa. Simu si nzuri: kioo huzimika katikati ya ubeti, au ujumbe unaingia. Shairi lisomwe baada ya dua ya kufungulia na baada ya msemaji mkuu kueleza ni kina nani wamekuja, kabla hakijafunuliwa chochote kilicholetwa kwenye sinia. Yakitangulia marashi na halua, watu wameshaanza kuhama kwenye mkeka na umakini umekwisha.

Kwa kusoma bila mahadhi, beti sita huchukua dakika mbili hadi tatu. Zikiimbwa, muda unakaribia mara mbili, na mahadhi yawe yale ambayo msomaji ameyazoea, si ya kujifunza wiki ile. Kwa nyumba yenye msimamo mkali wa dini, someni tu bila kuimba. Katika kila mshororo, pumzi fupi ivutwe kwenye koma ya kati, na kituo kisomwe polepole kuliko mishororo mingine. Baada ya "tutaeleza habari" msomaji anyamaze kabisa mpaka mwenyeji aseme karibuni au elezeni. Hiyo ndiyo idhini aliyoiomba, na akiendelea bila kuingoja ameufanya ubeti wa kwanza kuwa mapambo. Mwenzake mmoja aketi karibu, akilijua shairi kwa moyo, ili akikwama apewe neno la kwanza la mshororo kwa sauti ya chini.

Baada ya neno "mahari", kimya. Kosa la mwisho, na ni la kawaida sana, ni msomaji kuona kimya kile kirefu akaongeza hotuba: "yaani tunachotaka kusema ni kwamba…" Wenyeji wanatazamana, baba anamtazama kaka yake, pengine mtu anatumwa kwa kina mama chumba cha pili. Waachwe. Wakisema wapewe muda wa kumuuliza binti, jibu ni "inshallah, tunasubiri", na karatasi ya shairi anakabidhiwa mzee wa nyumba akitaka kubaki nayo. Upande wa binti una haki ya kujibu kwa beti zao siku watakapotaja, na mara nyingi watafunga kwa "ri" hiyohiyo. Kwa hiyo nakala nyingine ibaki kwa mshenga.