Mahindi yakigeuka manjano, tafuta kwanza jani lililoanza

Mwezi wa kwanza mvua zikikolea, mashamba mengi pembeni mwa Lubumbashi hupauka, na watu hukimbilia urea. Mimi kabla ya kufungua mfuko huinama kuangalia: jani lililoanza ni la chini au la juu?

Naitrojeni huhama ndani ya mmea. Ikipungua, mhindi huitoa kwenye majani ya zamani na kuyapa machanga. Ndiyo maana jani la chini hutangulia. Manjano huanzia nchani na kushuka kwa kufuata mshipa wa katikati, yakichora herufi V, huku kingo zikibaki kijani. Ukikuta kinyume chake, yaani kingo za majani ya chini zimeungua na katikati ni kijani, inayokosekana huenda ni potasiamu, na urea haina potasiamu hata chembe.

Msimu uliopita yaya mmoja tunayepakana naye njia ya Kipushi aliniita, mfuko wake wa kilo 50 ukiwa tayari. Bondeni, maji yaliposimama, mahindi yote yalikuwa na ile V. Huko sawa, urea ilihitajika, ila baada ya kuchimba mfereji, maana mizizi iliyozama haili vizuri. Kwa vishimo vya sentimita 75 kwa 50, mahindi mawili kila kishimo, kifuniko cha soda kisichojaa sana kinatosha: ni kama kilo 100 kwa hektari. Iweke umbali wa kiganja kutoka shinani, udongo ukiwa na unyevu, kisha ifukie. Ukiiacha juu, sehemu yake hupotea hewani.

Lakini mteremkoni, karibu na nyasi, mambo yalikuwa mengine. Mashina machache yalisimama yamedumaa katikati ya mazima, na majani yao ya juu yalikuwa na vistari vyembamba vya manjano, vimekatika-katika, vikifuata mishipa. Majani ya chini, yaliyotoka kabla, yalikuwa safi.

«Yaya, haya usiyape urea,» nikamwambia. «Ni ugonjwa wa milia.»

Ni virusi, vinaletwa na mdudu mdogo anayeruka kutoka kwenye nyasi. Dawa ya kuuponya mhindi haipo. Kung'oa mashina hayo hupunguza kidogo tu, kwa sababu mdudu ana nyasi za kurudia. Kinachosaidia zaidi ni mbegu inayovumilia milia, na kupanda mapema.

Kuna kinachofanana nao: ukosefu wa zinki, nao huonekana kwenye majani machanga. Inua jani ulitazame kwenye mwanga. Zinki huacha mkanda mpana, mweupe-manjano, kila upande wa mshipa wa katikati, hasa karibu na kitako cha jani. Milia ni nyuzi na vidoa.

Baada ya urea, usisubiri lile jani la V lirudi kijani, limekwisha. Pima kwa jani jipya. La yaya bondeni lilitoka kijani kibichi. Mashina ya milia yalizaa vibunzi vidogo.