Ukitumwa kumshikia mtu shoo: kwa vijana wa bendi na jukwaa hapa Mombasa

Wadogo zangu, naandika manake wiki hii nimekiona tena kitu kilekile. Kijana mzuri, mkono mtamu kwenye kinanda, ametumwa kumshikia mwenzake hoteli moja ya Bamburi, na kabla seti ya pili haijaanza yuko kaunta anampa meneja namba yake. Na roho yake safi kabisa, hajui kama ashaharibu. Basi leo ni hili la kushikia tu, manake kazi za huku, ziwe za hoteli au harusi au kuigiza, nyingi haziandikwi popote, mtu humpigia mtu, na mlango wa mgeni karibu kila mara ni huu: mwenye nafasi anaumwa, ama amepata shoo Diani na hawezi kuwa pande zote mbili za feri, anatafuta wa kumshikia.

1. Simu ikija jibu hapohapo. Anayepiga ana majina matatu kichwani, sahi ni saa tisa mchana na saa kumi na mbili vyombo vinapangwa. Ukisema "ntakurudia kaka" yeye ashapigia wa pili. Sema uko ama huko. Kama uko, uliza kwenye simu hiyohiyo: ni wapi, kuseti saa ngapi na kuanza saa ngapi, nguo gani, pesa ngapi, nani analipa na lini, na usiku narudi na nini, manake shoo ya Shanzu ikiisha saa sita na wewe walala Likoni, hesabu ya kufika feri yaeza kula sehemu nzuri ya malipo. Kuuliza pesa mapema sio uroho, tabu ni yule anayeuliza akishamaliza kupiga.

Alafu omba listi ya nyimbo na kii zake, tafadhali, usiseme "hizo zote nazijua". Wazijua kwa kii ya rekodi, lakini yule dada anayeimba pale ashazishusha zimkae yeye. Kuna wanaojiokoa na transpozi, wanashusha mbili kwa wimbo mmoja, ukiisha wanasahau kurudisha sifuri, bendi inaingia bango kwa G na kinanda kiko F. Wageni hawatajua ni nani lakini bendi nzima ishageuza shingo.

2. Namba ya simu. Hapa ndipo nataka mtulie.

Kuna kijana mmoja, simtaji, nampenda mpaka leo. Ilikuwa mwezi wa saba, hoteli zimejaa, mi nikapata harusi nikamtuma anishikie Ijumaa mbili. Bendi ya watu wanne, hoteli inatoa 16,000 kwa usiku, kiongozi anatoa 4,000 za spika na gari, inabaki 12,000, kila mtu 3,000. Na wallahi alipiga vizuri, mpaka chakacha ambayo vijana wengi huibananga aliipiga ikakaa. Ijumaa ya pili meneja akamsifu, akamuomba namba, akatoa. Hapo bado ilikuwa yarekebishika, angemwambia kiongozi usiku huohuo yangeisha. Hakusema. Katikati ya wiki meneja akampigia, wewe na mwimbaji mmoja mtanifanyia kwa ngapi? Akasema 8,000. Yeye aliona ni 4,000 badala ya 3,000, hakuna dramu wala besi, traki ziko kwa flashi. Hakuona kuwa ile nafasi haikuwa yake kuuza, ilikuwa ya watu wanne na mmoja wao alimwachia aikalie kidogo.

Mwezi wa nane ulipoanza bendi ikaambiwa ipumzike. Kiongozi hakumpigia yeye, alinipigia mimi. "Ulituletea nani?" Watu watatu wenye watoto wamekosa Ijumaa yao kwa jina langu, nikawa sina la kusema. Na msidhani mambo haya hufichika. Mtu wa saundi aliyeitwa kuwasetia hao wawili ndiye hukodishia spika bendi nyingi kuanzia Mtwapa mpaka Tudor, akikunja waya anapiga stori na mpiga besi, na mpiga besi yuko kwa bendi tatu. Ikifika Jumapili washajua wote.

Wageni walipopungua meneja akamshusha, 5,000 kwa wawili, alafu akamwambia atamwita, hakuita tena. Disemba ikaja, ule mwezi ambao hata anayejifunza hupata pa kukaa, na simu yake kimya. Na hakuna aliyemgombeza! Hili ndilo linalowapoteza nyinyi, mwangojea mtu awafokee ndio mjue mmekosea. Huku watu watakusalimia, watakuuliza mama hajambo, chai mtakunywa pamoja. Dalili iko kwa maswali. Zamani ulikuwa waulizwa "uko free tarehe 24?", sasa waulizwa "wamjua mpiga kinanda aliye free tarehe 24?" Ukisikia hilo la pili kwa watu wawili tofauti, jua kuna neno limepita.

Sasa cha kufanya ni hiki: mgeni au meneja akitaka namba, mwambie bendi ni ya fulani, na umwite fulani aje mbele yake. Kama anataka kitu ambacho bendi haifanyi, mfano mtu wa kumfunza mwanawe kinanda, chukua, lakini kiongozi alisikie kwako kabla ya kupanda gari. Na harusi iliyonijia kupitia shoo ya mtu, mi humtumia asilimia 10 siku ile dipoziti inapoingia, bila kuombwa.

3. Wa filamu msijione mmepona, ni yaleyale. Kampuni ikitoka Nairobi kushuti tangazo Mji wa Kale, fiksa wa hapa ndiye hutafuta ekstra na wabeba vyombo, na wewe ukiposti picha ya seti kabla tangazo halijatoka, anayeulizwa ni yeye, na msimu ujao hakuiti. Wa vikundi vya seti buku vinavyozunguka mashule, ukiitwa kuziba pengo shika mistari ya mhusika wako na ya yule unayejibizana naye.

4. PIN ya KRA uwe nayo na ujue kutoa invoisi ya eTIMS, wahasibu wa hoteli wanaitaka.

5. Kama ushaharibu. Yule kijana alinijia akitaka kumtumia kiongozi meseji ndefu, nikamwambia la, nenda umwone. Akaenda, akasema "nilichukua kazi yenu", hakuleta habari za meneja alinishawishi. Kiongozi akamwambia yameisha, lakini hakumwita mwaka ule wote. Sawa tu, kusamehewa ni kimoja na kuitwa ni kingine. Aliyemrudisha ni mtu wa dramu. Mwezi wa tano, masika, hoteli ziko tupu, bendi hukaa kupanga nyimbo mpya na mara nyingi kuna mtu hayupo. Kijana akawa anakuja mazoezini, anaandika chords za nyimbo mpya kwenye karatasi na kuwapa wote nakala, anaondoka. Shoo ya kwanza aliyopewa ilikuwa harusi ya Kaloleni, tena ya kushikia. Kwa hivyo anayetaka kuingia asitafute Disemba, Disemba kiongozi hana usiku wa kumjaribu mtu. Piga simu mwezi wa nne na wa tano, uliza mazoezi ni lini na kama waeza kuja kukaa.