Ukishaipata x, usianze upya kuitafuta y

Nikiwa mwaka wa pili chuoni, niliwahi kukosa maksi katika swali la milinganyo miwili ya kasi ya mabadiliko, swali nililodhani nimelimaliza vizuri. Jibu langu lilikuwa na konstanti tatu, na mwalimu alizungushia ile ya tatu kwa kalamu nyekundu, akaandika: "Imetoka wapi?" Tangu hapo, kila ninayemwelekeza milinganyo hii namwonyesha mahali hapo kwanza.

Tuchukue mfumo huu, ambamo x' ni kasi ya kubadilika kwa x kadiri muda t unavyokwenda:

```
x' = x + y
y' = 4x + y
```

Tunataka kuiondoa y. Mlinganyo wa kwanza unatupa y = x' − x. Iweke hiyo pembeni, maana tutaihitaji tena. Sasa tafuta kasi ya mabadiliko ya kila upande wa mlinganyo huohuo, upate x'' = x' + y'. Mahali pa y' weka 4x + y, kisha mahali pa y weka x' − x. Inabaki x peke yake, lakini mlinganyo umepanda hadi oda ya pili:

```
x'' − 2x' − 3x = 0
```

Mlinganyo wake wa sifa, r² − 2r − 3 = 0, una majibu 3 na −1. Kwa hiyo:

```
x = A e^(3t) + B e^(−t)
```

Hapa ndipo nilipokosea. Niliichukua x hii nikaipachika kwenye y' = 4x + y, nikautatua kama mlinganyo mpya, na ukanizalia kipande C e^t. Kumbe y ilikuwa imeshapatikana. Rudi kwenye ile tuliyoiweka pembeni, y = x' − x, na hesabu yake ni kutoa tu:

```
y = 2A e^(3t) − 2B e^(−t)
```

A na B ni zilezile za kwenye x. Ukiirudisha y yangu ya zamani kwenye x' = x + y, mlinganyo unakubali pale tu C inapokuwa sifuri. Milinganyo miwili ya oda ya kwanza hutoa konstanti mbili, basi ukiona ya tatu, rudi nyuma uitafute ilikoingilia.

Tuseme t ikiwa 0, x ni 3 na y ni 2. Tunapata A + B = 3 na 2A − 2B = 2, hivyo A ni 2 na B ni 1. Ukitaka kuanzia kwenye oda ya pili unahitaji x'(0), nayo hutoka kwenye mlinganyo wa kwanza: 3 + 2 = 5. Jibu letu linasema 3×2 − 1, ambayo ni 5 pia. Mimi siweki kalamu chini kabla ya kulinganisha namba hizo mbili.

Njia hii inagoma pale y isipokuwemo kwenye mlinganyo wa kwanza, mathalani x' = 3x, kwa sababu hapo huna pa kuitoa y. Katika hali hiyo tatua x moja kwa moja, kisha uipachike kwenye mlinganyo wa pili. Huko konstanti mpya itakayozaliwa ni halali, kwa kuwa x ilikuja na moja tu.