Kurudi Mbezi usiku peke yako: ushuke wapi, na lokesheni laivu inasaidia nini

"Habari wanajukwaa. Nimehamishiwa zamu ya jioni, natoka mjini saa nne usiku, nakaa njia ya Mbezi. Kituo cha karibu na kwangu ni giza totoro. Shoga yangu anasema nimtumie lokesheni laivu WhatsApp basi, inatosha. Wenzangu mnaotoka usiku, ni kweli?"

Dada, haitoshi. Nafanya kazi hotelini mjini, na njia hiyohiyo ndiyo yangu: mwendokasi mpaka Kimara, halafu daladala kwenda mbele. Lokesheni inamwambia shoga yako ulipo, lakini haimzuii mtu kukufuata kichochoroni. Kwa hiyo anza na kituo, simu ifuate.

Ndani ya mwendokasi shida kubwa ni vibaka wa simu kwenye msongamano, hasa pale mlangoni watu wanapogombania kupanda. Kibarua chenyewe ni mwendo wa mwisho, kutoka barabarani hadi getini kwako. Kituo cha karibu kikiwa giza, usishuke hapo hata kama ni hatua chache tu. Mimi nashuka kituo kimoja mbele (sikitaji hapa, na wewe usitaje chako), kwenye sheli. Namwambia konda mapema, "Nishushie sheli," basi.

Nilichagua sheli kwa sababu ina mlinzi, ina wauza mafuta, pembeni kuna muuza chipsi na kijiwe cha boda. Taa peke yake haina maana. Kituo chenye taa kali kisicho na mtu kinakuanika tu, mtu aliye gizani anakuona vizuri na wewe humwoni. Ndiyo maana kituo nakipima kwa watu waliopo saa ninayoshuka, sikipimi kwa jinsi kinavyoonekana saa kumi na mbili jioni, kwa sababu muuza chipsi wa saa mbili anaweza kuwa keshafunga saa tano. Siku yako ya mapumziko nenda pale saa hizohizo na kaka au jirani, uone nani yupo. Na umeme ukikatika ndipo utajua kituo chako ni kipi: sheli nyingi zina jenereta, maduka ya pembeni mengi hayana.

Jambo jingine la Morogoro Road tangu ipanuliwe ni upande. Ukitoka mjini unashushwa kushoto. Kama kwako ni kulia, utavuka njia nane usiku, na magari ya mikoani hapo yanakuja kwa kasi. Chagua kituo chenye sehemu ya kuvukia inayoonekana, hata kama kinakurudisha nyuma kidogo. Buku ya boda kutoka hapo ni nafuu kuliko kukimbizana na malori.

Pale Kimara usiku, daladala zikipungua, utaona gari ndogo zinaita "Mbezi, Mbezi, mmoja tu!" Ndani wamekaa watu watatu, wanaonekana abiria wenzako. Usipande. Mwenzangu wa jikoni aliingia kwenye moja, kumbe wote walikuwa kundi moja. Walimzungusha, wakamnyang'anya simu na pochi, wakamshusha mbali. Daladala halali ina ubavu uliopakwa rangi ya njia yake, na namba yake ni nyeupe yenye maandishi meusi, ya biashara. Gari binafsi namba yake ni ya njano. Hilo unaliona kabla hujafungua mlango. Hata kwenye daladala yenyewe, ikiwa na watu wawili watatu wanaojuana, subiri nyingine. Ukipanda, kaa nyuma ya dereva au karibu na konda, siti za mwisho waachie wengine.

Sasa simu. Kila kitu fanya kabla ya kutoka kazini, ukiwa bado ndani. Kituoni simu ikae kwenye mfuko wa ndani, maana boda wanaokwapua simu wanapenda anayeinamia kioo pembezoni mwa barabara. Kwenye WhatsApp fungua chati ya mtu atakayekutazama, gusa alama ya kuambatisha, `Location`, halafu `Share live location`. Utaulizwa muda: dakika 15, saa 1 au saa 8. Chagua saa 8. Saa 1 inaonekana inatosha, lakini foleni ya kupanda ikikula nusu saa, itakatika ukiwa njiani, na yeye hatajua kama muda umeisha au kuna jambo. Ukifika unaizima mwenyewe kwa `Stop sharing`.

Kisha kuna hitilafu ambayo wengi hawaijui: kidoti chako kwenye ramani kinaganda. Simu nyingi tunazotumia huku zinaua programu zinazofanya kazi kioo kikiwa kimezimwa, ili kubana chaji. Nenda kwenye mipangilio ya simu, ruhusa ya mahali kwa WhatsApp iwe `Allow all the time`, na hali ya kubana betri iwe imezimwa. Halafu jaribu mchana: zima kioo, nenda dukani na urudi, muulize kama alikuona ukitembea. Yeye kwenye ramani anaona pia mara ya mwisho ilipojisasisha. Hiyo ndiyo ya kutazama, kwa sababu kidoti kilichoganda kinaonekana sawasawa na mtu aliyesimama. Bando likiisha kinaganda vilevile, kwa hiyo acha salio la SMS.

Mimi natazamwa na mdogo wangu, tunakaa nyumba moja. Nilimchagua kwa sababu yuko macho muda huo, anaijua njia, na anaweza kutoka akaja. Shoga aliye Mwanza anayelala saa tatu atakusaidia nini? Tuna makubaliano. Nikipanda daladala namtumia namba ya gari kwa SMS. Kidoti kikiruka kidogo pembeni ya barabara hashtuki, hilo ni kawaida. Kikiiacha Morogoro Road, au kikikaa bila kujisasisha dakika kumi, anapiga. Nisipopokea mara mbili, anampigia boda wangu wa kijiweni aangalie kama nimeshuka. Kama sijashuka, anapiga 112 akiwa na namba ya gari na sehemu ya mwisho niliyoonekana. Yote tulipanga tukiwa tumetulia, maana saa tano usiku mtu mwenye hofu hakumbuki cha kufanya.

Nikifika sitaki ujumbe wa "nimefika", maana hata aliyekunyang'anya simu anaweza kuuandika. Usiku ambao mdogo wangu hayupo nyumbani namtumia sauti. Na tuna swali letu moja la kipuuzi. Akiuliza, nikijibu vingine anajua siko huru kuongea. Tafuteni lenu.

Ukishuka na mtu usiyemwelewa akashuka nawe, usianze kutembea. Ingia pale kwenye taa za sheli, nunua hata maji, mwache atangulie. Akisubiri, mwambie mlinzi waziwazi. Boda panda ya unayemjua kijiweni, na mdogo wako au jirani awe na namba yake.

Mwisho, mara mojamoja ingia WhatsApp, `Settings`, `Privacy`, `Live location`, uone ni nani bado anapokea lokesheni yako. Uliyemtumia kwenye safari ya wiki jana kwa sababu nyingine hahitaji kujua unashuka wapi saa tano usiku, na mtu uliyeachana naye ndiyo kabisa.