Ugunduzi wangu feki kuhusu Ziwa Tanganyika

Jana usiku mdogo wangu mmoja wa Kasulu kanitumia meseji wasap: "Dada nimefika habari ya 50 kati ya 80, naona fremu yangu ya koding imekosa kundi moja, si naongeza tu naendelea?" Nikacheka peke yangu, maana hapohapo ndo nilipoaibikia mimi.

Nilikuwa nachambua habari za magazeti kuhusu kufungwa kwa uvuvi Ziwa Tanganyika, ile miezi mitatu ya 2024, Mei 15 hadi Agosti 15. Habari 60, nimezipanga kwa tarehe, nakodi sentensi moja moja, yaani kila sentensi naiweka kwenye kundi lake, na makundi hayo, ndo fremu yenyewe, nilishayaandaa kabla: uhifadhi, kipato, doria, chakula, na mengineyo. Kufika habari ya 34 nakuta mengineyo imefurika sentensi za wavuvi kuambiwa walime, wafuge, wafungue genge. Nikaongeza kundi "shughuli mbadala" nikasonga mbele, nyuma sikurudi.

Jedwali likatoka: Mei sifuri, Juni mbili, Julai kumi na tisa. Weee! Nikaandika kwa mbwembwe kwamba magazeti yalianza kuongelea mbadala baada ya hali kuwa ngumu mialoni. Supavaiza akauliza swali moja tu, mbele ya wenzangu wote, "Hilo kundi ulilianzisha lini?" Nikabaki naangalia meza. Bado inaniuma, angeniita pembeni jamani. Ila nilivyorudia zile habari 33 za mwanzo, Mei peke yake ikatoa sentensi 11. Ule mpando wote haukuwa wa magazeti, ulikuwa wangu.

Kwa hiyo msikilizeni dada yenu. Jaribisheni fremu kabla ya kazi yenyewe, na habari za majaribio msichukue kumi za juu, chukueni chache kila mwezi, mimi ningefanya hivyo lile kundi ningeliona mapema. Mengineyo ikianza kujaa, simama usome kilichomo.

Halafu jina la kundi peke yake halitoshi, andika na mpaka wake. Sentensi kama "wavuvi wa Katonga wamekosa pato, sasa wanauza mkaa", mimi naweka kipato, rafiki yangu niliyempa akodi zilezile anaweka mbadala, na hakuna aliyekosea, fremu ndo ilikuwa bubu. Tukaandika: ikitajwa kazi nyingine ni mbadala hata kama pesa imetajwa, ikitajwa hasara ya uvuvi tu ni kipato. Mabishano ya sentensi za hivyo yakaisha, lakini ukishaandika kanuni kama hiyo nayo ni mabadiliko ya fremu, unarudi mwanzo tena.

Nikamjibu yule mdogo wangu: ongeza kundi, fremu ya zamani itunze na tarehe yake, anza habari ya kwanza.

"Dada, hamsini zote?"

Zote.