Kidhibiti kimoja, maadui tisa: kinachobadilishwa ni klipu, si hali

*Swali: Mwalimu, natengeneza mchezo kwa Unity wenye aina tisa za maadui. Nimejenga kidhibiti cha zombi, kisha nikaunda Animator Override Controller kwa ajili ya askari. Shambulio jepesi na shambulio zito la askari yanatoa klipu ileile, na kwenye orodha sioni nafasi ya kuweka ya pili. Rafiki ameniambia ninakili kidhibiti kwa kila adui na kubadilisha Sub-State Machine ya mapigano. Je, nifanye hivyo?*

Usinakili. Kosa lako liko mahali pamoja tu, tena ni kosa ninaloletewa karibu kila wiki na watu ambao tayari wameshauriwa vibaya.

Orodha unayoiona ndani ya Animator Override Controller si orodha ya hali. Ni orodha ya klipu zilizomo katika kidhibiti cha msingi, na kila klipu hupata mstari mmoja hata ikitumika katika hali kumi. Bila shaka kwa zombi uliweka klipu moja ya kupiga katika hali zote mbili, kisha katika lile shambulio zito ukapunguza Speed ili lionekane zito. Kwa zombi peke yake hilo halina ubaya wowote. Lakini Unity ikifika kwa askari huuliza swali moja tu, yaani mahali pa klipu hii niweke klipu ipi, na jibu hilo hulipeleka kila mahali klipu hiyo inapotajwa. Kwa sababu hiyohiyo, hali ambayo haina klipu yoyote kwenye Motion haipati mstari kabisa, nawe hutaweza kuijazia chochote kwa adui mwingine.

Kwa hiyo kidhibiti cha msingi kisiwe cha zombi. Kiwe cha adui asiyekuwepo. Tengeneza klipu tupu kwenye folda yake, moja kwa kila hali, kila moja na jina lake: `_Tulivu`, `_Tembea`, `_ShambulioJepesi`, `_ShambulioZito`, `_Umia`, `_Kufa`. Ziweke katika hali zake kwenye kidhibiti cha msingi, kisha unda kidhibiti mbadala, yaani Animator Override Controller, kwa kila adui, zombi mwenyewe akiwemo. Sasa askari atakuwa na mistari sita, nawe utaweza kumpa pigo la rungu kwenye mstari mmoja na pigo la bunduki kwenye mwingine. Ukiona idadi ya mistari ni ndogo kuliko idadi ya hali, jua kuna klipu inayorudiwa au hali isiyo na klipu, na uitafute kabla ya kuendelea.

Kuna faida nyingine katika klipu tupu. Mstari ulioachwa wazi hautoi kosa lolote, bali hali hiyo hucheza klipu ya msingi. Kama klipu hiyo ni ya zombi, askari wako atajikokota kama zombi siku ambayo hukumwangalia, nawe hutajua. Ikiwa ni tupu, atasimama bila kusogeza kiungo hata kimoja, na kasoro itaonekana papo hapo. Usitegemee macho peke yake, hata hivyo. Weka ukaguzi huu kwenye skripti ya majaribio, ambapo `mbadala` ni kidhibiti mbadala unachokikagua:

```csharp
var jozi = new List<KeyValuePair<AnimationClip, AnimationClip>>();
mbadala.GetOverrides(jozi);
foreach (var j in jozi)
    if (j.Value == null)
        Debug.LogWarning(mbadala.name + ": " + j.Key.name);
```

Jambo linalofuata ni matukio ya animesheni, kwa kuwa hapo ndipo wengi hukata tamaa na kurudi kwenye kunakili. Tukio ni mali ya klipu, wala klipu mpya hairithi kitu kutoka kwa ile inayochukua nafasi yake. Kama pigo la zombi lina tukio linalopunguza uhai wa mchezaji, pigo la askari linahitaji tukio lake mwenyewe, kwenye fremu ambayo rungu linagusa mwili. Dalili yake ni adui anayepiga vizuri kabisa huku uhai wa mchezaji haupungui. Loop Time nayo ni mali ya klipu: klipu ya kutembea isiyokuwa na alama hiyo itamfanya adui atembee hatua mbili kisha ateleze sakafuni akiwa ameganda.

Mipito, kwa upande wake, haibadiliki kamwe, na urefu wa klipu ndio unaoifanya ionekane tofauti. Chukua buibui ambaye pigo lake ni la sekunde 0.5, wakati la zombi ni la sekunde 2. Exit Time ya 0.85 ni sehemu ya klipu, kwa hiyo zombi ataanza kutoka kwenye sekunde 1.7 na buibui kwenye 0.425, jambo ambalo ni sawa. Lakini kama Fixed Duration imewekwa alama na Transition Duration ni 0.25, buibui atatumia muda ulio sawa na nusu ya pigo lake zima akichanganyika na hali inayofuata, na pigo litaonekana limelegea. Ondoa alama hiyo, uandike 0.1, na mpito utakuwa asilimia 10 ya klipu anayotoka: sekunde 0.2 kwa zombi, 0.05 kwa buibui.

Kuhusu Sub-State Machine, rafiki yako amekosea kabisa. Hiyo ni droo ya kupangia hali ili mchoro usomeke, wala si kifaa cha kubadilishana kati ya maadui. Haihifadhiwi kama faili inayojitegemea, kidhibiti mbadala hakiwezi kuiondoa na kuweka nyingine, na ukiinakili unapata nakala isiyojua lolote kuhusu ile ya kwanza. Weka mashambulio yote ndani ya droo moja ya mapigano katika kidhibiti cha msingi. Adui asiye na shambulio zito hahitaji mchoro wake, maana inatosha skripti yake isiwashe kigezo cha shambulio hilo. Ila akija popo anayepaa, kutua na kuning'inia, mwenye mipito ambayo hakuna mwingine anayeitumia, mpe kidhibiti cha msingi cha pili bila kusita, kwa sababu kumlazimisha ndani ya kile cha kwanza kutawajaza wenzake mistari isiyowahusu.

Ninawaonya wote wanaosoma hapa dhidi ya masomo ya haraka yanayofundisha kunakili na kuyaita hayo mfumo. Niliwahi kukabidhiwa mradi wenye nakala 14 za kidhibiti kimoja. Jina la kigezo lilikuwa limebadilishwa katika 13, na adui wa kumi na nne hakuwahi kufa. Tena bosi wa mchezo huo alipobadilisha umbo katikati ya pambano kwa kupewa nakala nyingine, alirudi kwenye hali ya mwanzo na vigezo vyake vikafutika, wakati vidhibiti mbadala viwili vyenye msingi mmoja hubadilishana bila kupoteza hali iliyopo. Walimu haohao, wakishindwa kupanga mipito, huwaambia wanafunzi wavute mishale yote kutoka Any State, wala hawawaambii kwamba Any State huangalia tabaka zima, hata ukiuchora mshale ndani ya droo. Ukiwa na kigezo cha bool kinachobaki kweli na Can Transition To Self ikiwa na alama, hali hujianzisha upya tena na tena, na adui hutetemeka kwenye fremu za kwanza za klipu bila kuimaliza. Ukiona mtetemo huo, ondoa alama hiyo kwanza, kisha upunguze mishale ya Any State hadi ibaki ya kuumia na ya kufa.