Snachi yangu ilikwama kilo 60 kwa sababu ya pengo kati ya chuma na mapaja

Kwa miezi mingi snachi yangu, yaani kunyanyua chuma chenye uzito kutoka sakafuni hadi juu ya kichwa kwa mkupuo mmoja, haikuvuka kilo 60. Nguvu ya kuvuta nilikuwa nayo. Shida ilianza nikichuchumaa kuudaka uzito: najikuta nimeruka mbele karibu nusu hatua, na chuma kinaniponyoka kwa mbele. Nikasingizia mabega magumu, nikayanyoosha wiki baada ya wiki, wapi.

Siku moja nikaegesha simu ubavuni, kwenye usawa wa nyonga, nikajirekodi. Chuma kilipovuka magoti kilikuwa mbali na mapaja kwa upana wa kiganja. Nami, badala ya kukirudisha, nilikifuata kwa kusukuma nyonga mbele. Zikakigonga, kikatoka kama mlango uliopigwa teke.

Aliyewahi kubeba ndoo ya lita 20 analijua hili. Ikikaa karibu na tumbo unatembea nayo. Ukiisogeza mbele kidogo tu, mgongo unalia na uzito unakuvutia vidoleni. Kwenye snachi, na kwenye klini ambako chuma hupandishwa hadi mabegani, wewe na chuma mnatakiwa kubaki juu ya katikati ya nyayo. Kikienda mbele, sehemu ya msukumo wa miguu inakisukuma huko huko badala ya kukipandisha, nawe inabidi ukikimbilie.

Nyonga, magoti na vifundo vya miguu hunyooka karibu kwa pamoja, chuma kikiwa tayari juu ya mapaja. Wengi hung'ang'ania vifundo, wakidhani siri ni kusimama kwa ncha za vidole. Mimi siamini hivyo. Kazi kubwa ni ya nyonga na magoti. Visigino hunyanyuka kwa kuwa umeisukuma sakafu kwa nguvu. Vikinyanyuka chuma kingali magotini, umeshahamia mbele. Viwiko navyo visikunjwe mapema, kwani mikono hapo ni kamba tu.

Nilishuka hadi kilo 40. Nasimama na chuma, nakishusha hadi juu kidogo ya magoti, natulia kwa hesabu ya mbili huku nikibana makwapa kama mtu aliyeficha gazeti, ili chuma kirudi pajani. Kisha nanyooka kwenda juu. Mara tatu, seti tano.

Kipimo changu kilikuwa chaki. Niliipaka katikati ya chuma, nikavaa kaptula nyeusi. Mstari hafifu unaopanda pajani ni dalili njema. Doa moja zito bila mstari ni kwamba umekigonga kutoka mbali. Kwenye snachi mstari huishia kwenye mkunjo wa nyonga, kwa sababu mikono imeshika kwa upana. Kwenye klini mikono hushika kwa kukaribiana zaidi, hivyo mstari huishia chini zaidi, sehemu ya juu ya paja. Lakini usikiburuze, kwani kikikwaruza kwa nguvu kinapoteza kasi.

Baada ya wiki sita nyayo zangu zilikuwa zinatua palepale zilipoondokea, siku nyingine nyuma kidogo, na hilo sina ugomvi nalo.